Orodha ya bure ya mwalimu iwe kionjo, isiwe mtego

Walimu wengi wa Kiswahili nchini siku hizi wana kazi ya pili ambayo huifanya usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Wapo wanaotunga vitabu vya mazoezi, wapo wanaofundisha jioni kupitia mtandaoni, na wapo wanaouza maswali ya marudio. Bidhaa ipo, na aghalabu ni nzuri. Anayekosekana ni mnunuzi anayemjua mwandishi na kumwamini. Ndipo ilipozuka desturi ya kutoa kitu bure: karatasi ya kupakua kwenye simu, ambayo msomaji huipata baada ya kuacha anwani yake ya barua pepe.

Katika Kiingereza cha biashara kitu hiki huitwa sumaku ya kuvutia wateja. Wengine hapa kwetu hukiita chambo. Mimi napendelea kukiita kionjo. Sumaku huvuta chuma bila chuma kuridhia, na chambo humpeleka samaki kikaangoni. Ilhali kionjo ni kile kipande cha embe ambacho muuza matunda humkatia mpita njia ili aonje, kisha aamue mwenyewe kama atanunua au atakwenda zake. Tofauti ya majina haya matatu si mchezo wa maneno. Ndiyo inayoamua jinsi karatasi yenyewe itakavyoandikwa na jinsi itakavyotangazwa.

Desturi yenyewe si ngeni. Mwaka 1900 kampuni ya Michelin ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza magurudumu ya mpira, iliwagawia wenye magari kijitabu cha bure. Kijitabu hicho kilieleza namna ya kubadilisha gurudumu, kikaonyesha mahali pa kupata mafuta na mahali pa kulala safarini. Kiligawiwa bure hadi mwaka 1920, kilipoanza kuuzwa. Tazama uhusiano uliopo: mwenye gari akikitumia kijitabu atasafiri zaidi, na akisafiri zaidi magurudumu yatachakaa. Kilichotolewa bure kilikuwa na faida kamili kwa aliyekipokea, na faida hiyo ndiyo iliyomsogeza karibu na bidhaa. Pasipo uhusiano wa namna hii, zawadi hubaki kuwa sadaka. Nzuri kwa roho, lakini haileti mteja.

Hivi majuzi mwalimu mmoja wa shule ya upili, ambaye miaka iliyopita nilimfundisha isimu, alinijia kwa ushauri. Alikuwa ametunga kitabu cha mazoezi ya insha kwa watahiniwa wa KCSE, hasa karatasi ya kwanza ya Kiswahili, ile ya 102/1. Alitaka kutoa bure muhtasari wa kurasa sitini juu ya aina zote za insha, ili watu wauone ujuzi wake. Nilimshauri atoe ukurasa mmoja tu: orodha ya kukagua insha.

Sababu yangu ilikuwa hii. Mtu akipakua kurasa sitini huziweka katika simu akijiambia kuwa atazisoma mwisho wa juma, na mwisho wa juma huo hauji. Hajafaidika, na hamkumbuki aliyempa. Lakini orodha ya ukurasa mmoja hutumiwa siku iyo hiyo. Mwalimu huitoa, huiweka kando ya insha ya mwanafunzi, na baada ya dakika chache ameona kosa ambalo asingeliona. Isitoshe, muhtasari wa kurasa sitini hufanya kazi ile ile ambayo kitabu kinataka kuifanya, hivyo huiondoa haja ya kukinunua. Orodha haifanyi hivyo, kwa kuwa orodha na kitabu ni vitu viwili vya asili tofauti.

Asili ya orodha ya ukaguzi inaeleweka vyema tukikumbuka tukio moja la tarehe 30 Oktoba 1935. Katika uwanja wa Wright Field, jimbo la Ohio nchini Marekani, ndege mpya ya majaribio ya kampuni ya Boeing, iliyoitwa Model 299, ilipaa, ikapoteza mwelekeo, ikaanguka na kuteketea. Rubani wake, Meja Ployer Hill, alikuwa mtu mzoefu, na injini hazikuwa na kasoro. Kilichosahauliwa ni kufungua kifaa kinachozuia usukani usitikiswe na upepo wakati ndege imeegeshwa. Baada ya msiba huo marubani walitunga orodha fupi za mambo ya kukagua kabla ya kupaa na kabla ya kutua. Orodha hizo hazikumfundisha mtu yeyote kuendesha ndege. Zilimkumbusha anayejua.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Orodha haiwezi kumfundisha ngeli mwanafunzi asiyezijua. Inaweza tu kumrudisha yule anayezijua kwenye mahali alipoteleza. Mwalimu akiliweka jambo hili wazi tangu mwanzo, uhusiano kati ya orodha na kitabu hujitokeza wenyewe: mwanafunzi anayekwama kwenye kipengele kimoja kila mara anajua sasa kwamba hajasahau, bali hajafunzwa, na kwamba anahitaji mazoezi. Hakuna haja ya kuikata orodha nusu ili anunue nusu iliyobaki. Mwenye kufanya hivyo ametega mtego, na mwenzake akishanaswa mara moja harudi.

Kazi ya kwanza tuliyoifanya na mwalimu huyu ilikuwa kuchagua saa ambayo orodha itatumiwa. Karatasi ya insha hufanywa kwa saa moja na dakika 45, nayo humtaka mtahiniwa aandike insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20. Ya kwanza ni ya lazima. Ukigawa muda huo kwa mbili, kila insha inapata dakika zipatazo 50. Tulikubaliana kwamba orodha itahusu dakika tano za mwisho za kila insha, wakati kalamu imetulia. Si kupanga hoja, si kuandika. Ni kukagua peke yake.

Uamuzi huo uliifyeka rasimu yake ya kwanza. Ilikuwa na vipengele 14, na kimoja kilisema, "Nina hoja zisizopungua sita." Nilimwuliza, mtahiniwa akigundua katika dakika ya 47 kwamba ana hoja nne, atafanya nini? Hawezi kuzaa hoja mbili zaidi katika dakika tatu. Atataharuki, basi. Vivyo hivyo kipengele cha kuhesabu maneno 400. Haya ni mambo ya kukaguliwa mwanzoni au katikati, wala si mwishoni. Tukapata kanuni moja iliyo rahisi: kipengele kinastahili kuwamo katika orodha iwapo kosa lake bado linaweza kurekebishwa wakati linapogunduliwa. Kwa kanuni hiyo vipengele 14 vikabaki manane.

Kazi ya pili ilikuwa ya lugha, na hapa ndipo isimu ilipopata nafasi yake. Rasimu ilikuwa imeandikwa kwa amri: "Andika tarehe," "Kagua tahajia." Amri hufaa orodha ya mtu anayesoma hatua moja, akaitenda, kisha akasoma inayofuata, kama apikaye kwa kufuata maelezo. Lakini mtahiniwa wetu ameshaandika. Anachofanya ni kuthibitisha. Kiambishi kinachofaa hapo ni -me-, ambacho hueleza jambo lililokamilika: "Nimeandika tarehe." Sentensi hii inaweza kuwa kweli au si kweli, na kwa hiyo inaweza kutiwa alama ya vyema. Amri haina ukweli wala uongo. Mtu akitia alama kando ya amri, hujui kama anasema ameitenda au anasema ameisoma.

Kwa sababu iyo hiyo tuliondoa ukanushi. "Sijasahau kichwa" ni sentensi inayomchanganya mtu aliyechoka, maana alama ya vyema huenda ikasomwa kuwa kukubali au kukataa. Tuliondoa pia kiunganishi "na" palipokuwa na matendo mawili. Kipengele kinachosema "Nimeandika anwani na tarehe" hakijibiki iwapo mtahiniwa ameandika kimoja tu. Kila alama ibebe tendo moja, na kila alama iwe na maana moja.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa vipengele vya jumla. "Lugha yangu ni fasaha" ni kipengele ambacho kila mtu atakitia alama, kwani hakuna anayeandika akiamini kuwa lugha yake ni mbovu. Badala yake tulitafuta kitu kinachoonekana kwa macho kwenye karatasi. Wanafunzi wetu hupenda mno kutumia "ambazo," "hizi" na "zangu" kwa kila nomino iliyo katika wingi, hata wakaandika "vitabu ambazo" na "vitu zangu." Basi kipengele kikawa kuyatafuta maneno hayo matatu na kutazama nomino zake. Mwanafunzi haambiwi awe fasaha. Anaambiwa mahali pa kuweka kidole.

Orodha iliyotokea ni hii:

1. Nimeandika nambari ya swali ninalolijibu.
2. Nimeandika kichwa cha insha au cha barua.
3. Ikiwa ni barua rasmi, nimeandika tarehe.
4. Ikiwa ni barua rasmi, nimeandika jina langu chini ya sahihi.
5. Kila sentensi ina alama yake ya mwisho.
6. Kila penye "ambazo," "hizi" au "zangu," nimetazama kama nomino yake ni ya ngeli ya I-ZI au U-ZI.
7. Nimesoma mara moja nikitafuta herufi l na r peke yake.
8. Nimetafuta vitenzi vyenye -po-, -ki- na -vyo-, nikaona kila kimoja kimeandikwa neno moja, kama "alipofika."

Mpangilio wake una maana. Vinne vya kwanza hukaguliwa kwa kutupa jicho juu na chini ya karatasi, bila kusoma. Vinne vya mwisho vinahitaji kusoma, na kila kimoja kina kitu kimoja cha kutafutwa, maana jicho linalotafuta makosa yote kwa pamoja huyapita mengi.

Kabla ya kuitoa kwa umma, tuliijaribu. Mwalimu aliandika insha moja na kupanda ndani yake makosa manane, moja kwa kila kipengele, kisha akawapa wanafunzi sita insha hiyo, orodha, na dakika tano. Jaribio kama hili halihitaji mitambo. Ukitazama alama zao utaona mambo mawili. Ikiwa kipengele kimoja kimetiwa alama na wanafunzi wote ilhali kosa lake limo, basi kipengele hicho hakionyeshi mahali pa kutazama. Ikiwa wengine wametia alama na wengine wameacha, basi maneno yake yanaeleweka kwa njia mbili. Kwetu sisi kipengele cha nane ndicho kilichotutatiza. Mwanzoni kilisema tu "sijakata vitenzi," na mmoja wa wanafunzi alidhani anaulizwa kama amefuta kitenzi chochote kwa kalamu. Mfano wa "alipofika" ndio uliomaliza utata huo.

Baada ya maandishi huja umbo. Orodha ihifadhiwe kama faili ya PDF, ili isibadilike sura inapofunguliwa katika simu ya aina nyingine. Iwe ukurasa mmoja wa A4, herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, bila mandhari ya rangi. Shule nyingi zitaitoa nakala kwa mashine, na rangi ya samawati iliyopendeza kwenye kioo cha simu itakuwa doa jeusi kwenye nakala ya tatu. Chini kabisa yawekwe jina la mwandishi, anwani ya kumpata, na mwezi na mwaka wa toleo. Karatasi husafiri mbali kuliko kiungo. Nakala itakayobandikwa ukutani katika shule usiyoijua ndiyo itakayokutambulisha huko. Na kama faili imewekwa katika Google Drive, mpangilio wake uwe "Anyone with the link" na "Viewer." Ukiachwa kwenye "Restricted," kila anayekibonyeza kiungo ataambiwa aombe ruhusa, naye ataondoka. Njia ya kujua ni rahisi: kifungue kiungo kwa simu ya mtu mwingine kabla hujakitangaza.

Sasa tuje kwenye tangazo lenyewe, yaani yale maandishi mafupi yanayoitoa orodha. Wengi huliandika mwisho, kwa haraka, na kulijaza sifa. Mwalimu wetu naye alikuwa ameanza kwa maneno "Siri ya kupata alama ya A imefichuliwa!" Hakuna siri yoyote katika orodha ile, na hakuna ukurasa uwezao kumhakikishia mtu A. Msomaji akiahidiwa A akapewa visanduku vinane, ataona ametapeliwa hata kama visanduku hivyo ni vya thamani. Tangazo tuliloliandika pamoja lilikuwa hivi:

"Dakika tano za mwisho za insha: makosa manane ya kutafuta.

Mtahiniwa akimaliza insha kabla ya muda, aghalabu huweka kalamu chini na kusubiri. Katika karatasi yake yamo makosa ambayo angeyasahihisha kama angejua mahali pa kutazama. Haya hapa mawili. Atafute kila penye 'ambazo,' aone kama nomino yake ni ya I-ZI au U-ZI. 'Vitabu ambazo' ni kosa. Kisha atafute vitenzi vyenye -po-, aone kama ameandika 'alipofika' au amekikata kuwa 'alipo fika.'

Nimeyaweka yote manane katika ukurasa mmoja wa A4 unaoweza kutolewa nakala shuleni. Orodha hii ni ya walimu na wazazi wa watahiniwa wa KCSE. Haifundishi ngeli wala haina mifano ya insha, inamkumbusha anayejua.

Andika anwani yako ya barua pepe, nami nitakutumia orodha. Ukipenda nikuarifu pia kuhusu kitabu changu cha mazoezi, tia alama kwenye kisanduku kilicho chini. Usipotia, hutapata barua nyingine kutoka kwangu.

Nitumie orodha."

Nadhani msomaji ameona kwamba kichwa kinataja wakati, kazi na idadi, wala hakina sifa hata moja. Idadi hiyo lazima iafikiane na faili. Tangazo likisema manane na karatasi ikawa na saba, imani imekwisha. Ameona pia kwamba makosa mawili yametolewa bure kabisa, kabla ya kuombwa chochote. Hicho ndicho kionjo ndani ya kionjo. Anayesoma tangazo bila kuacha anwani yake anaondoka na kitu, na anayeiacha anajua hasa ladha ya kile atakachokipata.

Sentensi inayotaja mipaka ya orodha ndiyo iliyompa mwalimu wasiwasi. Aliogopa itafukuza watu. Kwa hakika itawafukuza baadhi, nao ni wale wanaotafuta insha za kukariri, ambao wangeipakua, wangekasirika, na wasingenunua kitabu cha mazoezi kamwe. Kuwapoteza hao mapema ni faida.

Maneno mawili ya mwisho hayakuwekwa kwa bahati. Vitufe vingi huandikwa "Wasilisha," na neno hilo humtaka msomaji atoe kitu. "Nitumie orodha" ni maneno ya msomaji mwenyewe: kiambishi -ni- kinamrejelea yeye, na kitenzi kinataja anachokipokea. Pia kitufe kiwe kimoja. Tangazo linalomwomba mtu apakue orodha, ajiunge na kundi la WhatsApp, na anunue kitabu kwa punguzo, humfanya asifanye lolote kati ya hayo.

Tukubaliane pia juu ya kinachoombwa. Orodha itumwe kwa barua pepe badala ya kuonyeshwa papo hapo, kwa maana faili ikitokea mara tu mtu anapobonyeza, wengi wataandika anwani ya uongo. Na iombwe anwani peke yake. Jina la shule, nambari ya simu, kaunti, kidato na jina la mzazi havihitajiki katika kutuma ukurasa mmoja. Kila swali linaloongezwa huwaondoa baadhi ya wasomaji, na kila jibu linaloongezwa ni mzigo ambao mwalimu atalazimika kuulinda.

Kuulinda nimesema kwa makusudi, kwani hili si suala la adabu tu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetumia habari za mtu kibiashara apate idhini yake, aweze kuithibitisha idhini hiyo, na amruhusu mwenyewe kuiondoa wakati wowote. Kifungu cha 33 kinaongeza kwamba habari za mtoto hazishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Wengi wa watahiniwa wetu hawajatimiza miaka 18. Mwalimu anayekusanya nambari za simu za wanafunzi wa kidato cha tatu ili awauzie vitabu baadaye amevuka mpaka huo, hata kama nia yake ni njema. Mwaka 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha na nambari za simu si kitu kimoja, lakini sheria ni ile ile.

Ndiyo maana tangazo letu linawalenga walimu na wazazi, na ndiyo maana kuna kisanduku cha pili kisichotiwa alama mapema. Kukubali kutumiwa orodha ni jambo moja; kukubali kutumiwa matangazo ya kitabu ni jambo jingine, na idhini ya la kwanza haizai idhini ya la pili. Kwa mwanafunzi tulipata suluhisho jepesi: mwalimu wake amtolee nakala. Mwanafunzi hana cha kulipa, wala hana anwani ya kuiacha popote.

Mwisho, mwenye kutoa orodha ajue kuisoma hali yake. Anahitaji hesabu tatu tu: waliosoma tangazo, walioomba orodha, na waliojibu au kununua baada ya kuipata. Tuseme watu 200 wamesoma tangazo na watatu pekee wakaomba. Kasoro haiwezi kuwa ndani ya orodha, kwa kuwa hawajaiona. Imo katika kichwa, katika ahadi, au katika maswali mengi ya fomu. Tuseme badala yake 60 waliomba, lakini hakuna aliyejibu barua wala kuuliza lolote. Hapo kwanza ahakikishe kama barua zinafika. Zinaweza kuwa zinaangukia kwenye sanduku la barua taka, au kiungo kimefungwa. Na ikiwa watu wanaipokea, wanaisifu, wanaisambaza, lakini hawanunui kitabu, basi orodha na kitabu havina undugu. Mwenye gari amepewa mwongozo wa kuvua samaki.

Barua inayopeleka orodha imsaidie katika hesabu ya tatu. Iwe na sentensi chache, kiungo, na swali moja linaloweza kujibiwa kwa maneno machache, kama vile: "Ni kipengele gani kati ya manane kilichowashinda wanafunzi wako?" Majibu yake yana thamani kuliko idadi ya anwani. Walimu kumi wakitaja kipengele cha sita, mwandishi anajua ni sura gani ya kitabu chake inayohitaji mazoezi zaidi katika toleo lijalo, na anajua pia ni sura gani ya kumwandikia yule aliyekubali kuarifiwa.

Mwalimu wangu wa zamani, namaanisha yule niliyemfundisha, bado anakiona kisanduku cha pili kuwa hasara. Anasema kama kila aliyeomba orodha angeingizwa moja kwa moja katika daftari la wateja, angekuwa na majina mengi zaidi kufikia mwisho wa muhula. Hesabu yake ni sahihi. Lakini majina hayo mengine yangekuwa ya watu walioomba ukurasa mmoja wakapewa muuzaji asiyebisha hodi, na wengi wao ni walimu wenzake ambao atakutana nao katika vituo vya kusahihishia mitihani. Jina lake liko chini ya kila nakala.